Mistari ya benki inayoingizwa usiku inajiunga na malipo yasiyo yake, ilhali salio linakubaliana

Karani_wa_Usiku (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa majuma matatu sasa. Nimeandika programu ndogo ambayo kila usiku huchukua taarifa ya benki, huingiza mistari yake katika mfumo wetu wa hesabu, kisha huutafutia kila mstari malipo yaliyorekodiwa na makarani mchana. Kwa kuwa tarehe za benki huchelewa na kwa kuwa benki hukata ada zake njiani, nimeiruhusu programu ikubali tofauti ya siku 5 mbele au nyuma, na tofauti ya asilimia 1 ya kiasi. Pengo likipatikana, linaandikwa lenyewe katika akaunti ya makato ya benki.

Kwa miezi kadhaa nilidhani kazi imekwisha, kwa sababu salio la leja na salio la benki vilikubaliana kila asubuhi. Kisha likatokea hili. Ijumaa tarehe 3 tulipokea hundi ya 45,000 kutoka kwa mteja mmoja, tukaipeleka benki siku hiyohiyo na kuirekodi kama R-118. Jumatatu tarehe 6 mteja mwingine alitutumia nakala ya uhamisho wa fedha kutoka nchi nyingine, nao pia ulikuwa wa 45,000, tukaurekodi kama R-121. Usiku wa Jumatatu uliingia mstari wa benki wa 44,650. Programu ilitazama malipo yaliyo wazi kuanzia ya zamani, ikaona R-118 imo ndani ya siku 5 na ndani ya asilimia 1, ikaviunganisha na kuandika makato ya 350. Usiku wa Jumanne uliingia mstari wa 45,000, na kwa kuwa R-121 ndiyo iliyokuwa imebaki peke yake, ikaunganishwa bila pengo lolote.

Mnaona wenyewe kwamba jumla ni sahihi na kila mstari umepata mwenzake, lakini jozi zote mbili ni za uongo. Aliyekatwa 350 ni mwenye uhamisho, si mwenye hundi. Utaratibu wetu ni kumdai mteja upungufu, kwa hiyo mwenye hundi aliandikiwa barua ya kudaiwa 350, naye akaja ofisini na taarifa ya benki yake inayoonyesha kwamba akaunti yake imetolewa 45,000 kamili. Swali langu ni hili: je, dirisha la siku liwe la siku ngapi, na asilimia ya makato iwe ngapi, ili jambo hili lisijirudie?

Haraka88

Mkuu, siku 5 ni nyingi mno. Mimi ninatumia siku 2, ninachukua thamani tupu ya tofauti kwa `ABS(malipo - mstari)`, na zikipatikana rekodi mbili ninachagua ile ambayo tarehe yake iko karibu zaidi na ya mstari. Kwa mfano wako, mstari wa Jumatatu ungeichagua R-121 ya Jumatatu, na kusingekuwa na barua wala malalamiko. Usiutazame upande wa rekodi ya zamani kwanza. Tazama ukaribu wa tarehe.

Msomaji_Mpya

Samahani kama nimechelewa kuelewa, lakini kwa nini msitumie akaunti ya muda ya tofauti? Sisi mwishoni mwa mwezi tunachukua salio la benki, tunaliondoa katika salio la leja, na tofauti yote tunaiandika kwa mkupuo mmoja kama makato. Haijawahi kutusumbua.

Karani_wa_Usiku

Ndugu Msomaji_Mpya, salio langu halina tofauti. Hilo ndilo linalonitisha. Kama ningesubiri salio linionye, nisingejua kamwe. Ninachotafuta ni kila mstari uende kwa mwenye nao.

Ndugu Haraka88, nimelijaribu wazo lako katika nakala ya hifadhidata. Ni kweli kwamba mstari wa 44,650 ulikwenda R-121. Lakini mstari wa 45,000 wa Jumanne haukuipata R-118, kwa sababu kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku 4, na dirisha lako ni la siku 2.

Haraka88

Basi hesabu siku za kazi tu. Jumamosi na Jumapili zikitoka, Ijumaa hadi Jumanne zinabaki siku 2.

Mizani

Nimefanya kazi ya usuluhishi wa hesabu za benki kwa muda mrefu kabla kazi hiyo haijawa ya kompyuta, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema kwamba swali la mwanzisha uzi limeulizwa kwa upande usiofaa. Hakuna idadi ya siku wala asilimia itakayoponya tatizo hili, kwa kuwa chanzo chake ni programu inayochagua pale ambapo haina ushahidi wa kuchagua.

Nianze na Ndugu Haraka88, ambaye amesema jambo moja la kweli na mawili yasiyo ya kweli. Ni kweli kwamba siku zihesabiwe kwa siku za kazi, tena kwa kalenda ya sikukuu ambazo benki hufungwa, si za ofisi yako. Lakini ukaribu wa tarehe ulikuokoa kwa bahati tu. Badilisha tarehe: tuseme nakala ya uhamisho ilikuja Ijumaa na hundi ikapelekwa Jumatatu. Mstari wa 44,650 wa Jumatatu ungeikimbilia hundi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na barua ya madai ingeandikwa vilevile. Tarehe iliyo karibu haithibitishi kitu katika njia ya malipo ambayo kwa desturi yake huchelewa.

Jambo la pili ni `ABS`. Tofauti inayosababishwa na ada ina mwelekeo mmoja tu. Ukiandika fedha zinazoingia kwa alama ya kujumlisha na zinazotoka kwa alama ya kutoa, utaona kwamba ada daima huushusha mstari wa benki chini ya rekodi yako. Ulirekodi 45,000 na benki ikapokea 44,650: rekodi ukitoa mstari ni 350. Ulirekodi malipo ya -45,000 kwa muuzaji na benki ikatoa -45,350: rekodi ukitoa mstari ni 350 vilevile. Kwa hiyo sharti moja, yaani tofauti isiwe chini ya sifuri, linatosha kwa pande zote mbili. Ukitumia thamani tupu, unaikubalia benki ikuongezee fedha na kuita nyongeza hiyo makato. Mstari uliozidi rekodi ni mteja aliyelipa zaidi, au ni malipo mengine kabisa.

Sasa tuje kwenye kiini. Kiasi cha makato na muda wa kuchelewa si tabia za akaunti. Ni tabia za njia iliyotumika kulipa. Hundi iliyopelekwa benki inaweza kuchelewa siku kadhaa za kazi, lakini ikipita inapita kamili. Kama benki inatoza kitu kwa ajili yake, hukiandika katika mstari wake wa peke yake. Uhamisho kutoka nchi nyingine unaweza kupungua njiani, kwa sababu benki za kati hukata ada zao kutoka katika kiasi chenyewe pale mtumaji alipoagiza gharama zigawanywe (`SHA`) au zibebwe na mpokeaji (`BEN`), na kwa kawaida hufika kamili pale mtumaji alipokubali kubeba gharama zote (`OUR`). Makarani wenu wanaijua njia wakati wanaporekodi. Je, programu yako inaisoma?

Karani_wa_Usiku

Mzee Mizani, nakiri kwamba safu ya njia ya malipo imo katika jedwali tangu mwanzo, nami sikuwahi kuitumia. Niliiona kama maelezo tu.

Mizani

Basi itumie kama sharti. Ipe kila rekodi, kulingana na njia yake, idadi ya siku inayoruhusiwa kusubiri na makato ya juu kabisa yanayoweza kuelezeka. Kwa hundi weka makato 0. Kwa uhamisho wa nje weka kiwango kinachotokana na mistari yenu ya zamani, kwa mfano 500, badala ya asilimia. Ada za benki za kati nyingi hukatwa kwa kiasi kisichobadilika, na asilimia 1 ya malipo makubwa itaruhusu pengo ambalo hakuna ada inayoweza kulieleza. Kisha usiunganishe chochote isipokuwa mstari una rekodi moja tu inayowezekana, na rekodi hiyo nayo ina mstari mmoja tu unaowezekana. Kama ni PostgreSQL, swali lenyewe ni fupi:

```sql
WITH jozi AS (
  SELECT m.id AS mstari_id, r.id AS malipo_id
  FROM mistari_benki m
  JOIN malipo r
    ON r.akaunti_id = m.akaunti_id
   AND m.tarehe BETWEEN r.tarehe - 1
                    AND r.mwisho_kusubiri
   AND r.kiasi - m.kiasi BETWEEN 0 AND r.makato_juu
  WHERE m.hali = 'wazi' AND r.hali = 'wazi'
)
SELECT mstari_id, malipo_id FROM (
  SELECT jozi.*,
    COUNT(*) OVER (PARTITION BY mstari_id) AS kwa_mstari,
    COUNT(*) OVER (PARTITION BY malipo_id) AS kwa_malipo
  FROM jozi
) x
WHERE kwa_mstari = 1 AND kwa_malipo = 1;
```

`mwisho_kusubiri` ni tarehe iliyokwisha kukokotolewa kwa siku za kazi wakati rekodi inapoandikwa. Siku moja ya nyuma nimeiacha kwa sababu karani hupokea taarifa leo ya fedha zilizoingia jana jioni. Kuachia siku 5 nyuma, kama ulivyofanya, ni kuikaribisha rekodi mpya ichukue mstari wa zamani usio wake.

Lipitishe swali hili katika kisa chako. Usiku wa Jumatatu, mstari wa 44,650 hauwezi kwenda R-118, kwa sababu tofauti ya 350 imezidi makato yanayoruhusiwa kwa hundi, ambayo ni 0. Unabaki na R-121 peke yake, unaungana nayo. Usiku wa Jumanne, 45,000 inaikuta R-118. Hakuna barua.

Bi_Stakabadhi

Ninaomba niongeze kisa changu, ingawa huenda ni tofauti kidogo. Sisi hupokea malipo kwa kadi. Mchana tunarekodi malipo 9 yenye jumla ya 218,000, na baada ya siku mbili benki inaonyesha mstari mmoja tu wa 212,767.97. Kampuni inayotukusanyia hutukata asilimia 2.4, ambayo kwa jumla hiyo ni 5,232, hivyo nilitarajia 212,768.00 kamili. Niliambiwa kwamba ada hukokotolewa na kukadirishwa kwa kila malipo peke yake, ndipo senti tatu zinapopotelea. Kijana wetu wa kompyuta ameandika programu inayojaribu mafungu ya malipo yaliyo wazi hadi ipate fungu ambalo jumla yake, baada ya kutoa ada, inakaribia mstari. Wakati mwingine inapata fungu sahihi, na wakati mwingine inapata fungu linalofanana na sahihi.

Mizani

Bi Stakabadhi, "linalofanana na sahihi" ndilo jina lake hasa. Malipo 20 yaliyo wazi yana mafungu 1,048,575 yanayoweza kuundwa. Ukishaongeza ruhusa ya senti chache kwa ajili ya makadirio, mafungu kadhaa yatakubali mstari huohuo, na programu itachagua la kwanza kuonekana bila kujua kwamba yapo mengine. Huo ni ugonjwa uleule wa mwanzisha uzi, isipokuwa kwako umejificha ndani ya jumla.

Dawa ni kutokuukutanisha mstari wa benki na malipo ya kadi moja kwa moja. Fungua akaunti ya mpito kwa jina la mkusanyaji. Mteja akilipa kwa kadi, deni lake linafungwa kwa kiasi kamili na akaunti ya mpito inadaiwa kiasi hichohicho. Mkusanyaji hutoa ripoti ya kila fungu analolipa, yenye namba ya kila malipo, ada yake, marejesho yaliyotolewa na kiasi halisi kilichotumwa. Ingiza ripoti hiyo usiku uleule: ndani ya akaunti ya mpito unalinganisha malipo kwa namba, si kwa kiasi, na ada inaandikwa kutoka katika ripoti. Kisha mstari wa benki unalinganishwa na kiasi halisi cha ripoti, senti kwa senti, bila ruhusa yoyote ya makato. Senti zako tatu zitakuwa zimeandikwa katika ripoti.

Bi_Stakabadhi

Ripoti hizo tunazipata kwa barua pepe, na hakuna anayezifungua. Nitaanza kesho.

Nukta

Nimelisoma swali la Mzee Mizani mara tatu, na ninadhani lina mahali linapokwama. Tugeuze mpangilio wa mistari. Tuseme hundi imewahi, yaani mstari wa 45,000 unaingia Jumatatu, na uhamisho wa 44,650 unaingia Jumanne.

Usiku wa Jumatatu, mstari wa 45,000 una rekodi mbili zinazowezekana. R-118 inafaa kwa tofauti ya sifuri. R-121 nayo inafaa, kwa sababu makato ya kati ya 0 na 500 yanajumuisha sifuri. Kwa hiyo mstari unasubiri, na hilo ni sawa. Usiku wa Jumanne unaingia mstari wa 44,650, ambao una rekodi moja tu inayowezekana, R-121. Lakini R-121 sasa ina mistari miwili inayoigombea, hivyo sharti la pili linakataa. Hakuna kinachoungana, leo wala kesho, ilhali mtu yeyote mwenye macho anaona jibu: 44,650 haina pengine pa kwenda, basi iende R-121, na 45,000 iende R-118.

Ninapendekeza kuondoa sharti la `kwa_malipo`, au angalau kuanza na mistari yenye rekodi moja tu, kuifunga, kisha kurudia swali hadi lisitoe kitu.

Haraka88

Au weka kiwango cha chini cha makato kwa uhamisho wa nje, tuseme 100. R-121 haitaufaa mstari wa 45,000, na fundo linafunguka.

Mizani

Ndugu Nukta ameona sawasawa, nami sikulitaja fundo hilo kwa sababu nilitaka kwanza kuona kama lingeonekana.

Kwa pendekezo la Haraka88: kiwango cha chini kinafaa ikiwa tu uhamisho hauji kamwe ukiwa kamili. Siku mteja atakapoagiza `OUR`, mstari utakuja wa 45,000 na rekodi yake itakaa wazi, au mbaya zaidi, mstari huo utaungana na hundi ya mtu mwingine yenye kiasi hicho. Ukiweza kumwomba karani aandike agizo la gharama kutoka katika nakala ya uhamisho, hapo kiwango cha chini kina msingi. Nakala nyingi huonyesha agizo hilo.

Kwa pendekezo la Nukta, ninasita. Hoja yako inasema kwamba 44,650 haina pengine pa kwenda. Hiyo ni kweli ikiwa kila mstari wa benki ni wa rekodi ambayo tayari imeandikwa. Lakini mistari mingi hufika benki kabla karani hajarekodi kitu. Je, kama 44,650 ni ya mteja wa tatu, ambaye ankara yake ni 44,650 kamili, na karani ataiandika Jumatano asubuhi? Kwa utaratibu wako ingekwisha kufungwa na R-121, makato ya 350 yangeandikwa, na mteja wa tatu angebaki na deni. Sharti la pande zote mbili nalo lisingekulinda kwa kila hali, lakini hukulinda mara nyingi zaidi.

Nukta

Kwa heshima, Mzee, hatari hiyo ipo hata katika kisa cha kwanza ulichokipitisha. Usiku wa Jumatatu uliunganisha 44,650 na R-121 bila kujua kama mteja wa tatu yupo. Kama hoja ni kwamba rekodi inaweza kuchelewa, basi hakuna mstari wenye pengo unaopaswa kufungwa usiku wa kwanza.

Mizani

Umenibana, na unayosema ni kweli. Mimi mwenyewe hufanya hivi: mstari uliokubaliana na rekodi bila pengo, na ambao ni wa pekee pande zote, hufungwa usiku uleule. Mstari wenye pengo huungwa kwa muda tu, unaonekana na rekodi yake katika orodha ya asubuhi, na makato hayaandikwi hadi siku 2 za kazi zipite bila mshindani kutokea, au hadi mtu athibitishe. Gharama yake ni kwamba leja huchelewa kuonyesha makato. Wapo wasiokubali ucheleweshaji huo, hasa siku za mwisho wa mwezi, na sina hoja ya kuwashinda.

Namba ya rejea hulimaliza suala hili pale inapokuwepo. Katika faili la `camt.053` tazama `EndToEndId`. Mtumaji akiwa ameiandika na benki za njiani zikaiheshimu, linganisha kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Lakini ichuje thamani ya `NOTPROVIDED`, ambayo huandikwa pale ambapo mtumaji hakuweka namba. Nimewahi kuona mfumo ulioichukulia kuwa namba halisi, ukaunganisha wateja wote wasio na namba kana kwamba ni mtu mmoja.

Karani_wa_Usiku

Benki yetu hutoa faili la `MT940`, na namba ya mteja huonekana kwa nadra katika maelezo. Lakini kabla sijabadilisha ulinganishaji, kuna aliyewahi kunionya kwamba niangalie pia uingizaji wenyewe. Ninazuia mistari kurudiwa kwa kutengeneza alama ya pekee kutokana na tarehe, kiasi na maelezo. Je, inatosha?

Haraka88

Inatosha kabisa. Ndivyo ninavyofanya.

Nukta

Haitoshi siku ambayo mteja mmoja atalipa mara mbili kiasi kimoja kwa maelezo yaleyale. Mstari wa pili utaonekana ni marudio, utatupwa, na salio lako litapungua. Badala ya kuuliza kama alama hiyo ipo, hesabu imo mara ngapi katika faili kwa siku hiyo na mara ngapi katika hifadhidata, kisha uingize tofauti. Faili likiwa na miwili na hifadhidata ikiwa na mmoja, unaongeza mmoja. Hapo unaweza kuchukua siku 10 zilizopita kila usiku bila woga, na mistari ambayo benki huiingiza kwa kuchelewa haitakupita.

Mizani

Ninakubaliana naye. Ongeza ukaguzi mmoja kabla ya kuhifadhi chochote: salio la kuanzia katika `:60F:`, ukijumlisha mistari yote ya faili, lazima litoe salio la kufunga katika `:62F:`, na salio la kuanzia la leo liwe salio la kufunga la taarifa iliyotangulia. Lisipokubaliana, kataa faili zima na usilinganishe kitu usiku huo.

Kwa kuwa umetaja `MT940`, tazama jinsi unavyosoma tarehe. Mstari wa `:61:` huanza na tarehe ya thamani yenye tarakimu 6, kisha huweza kufuatiwa na tarehe ya kuingizwa katika vitabu yenye tarakimu 4 tu, yaani mwezi na siku bila mwaka. Angalia huu:

```
:61:2501021231D45350,00NTRFR-097
```

Thamani ni tarehe 2 Januari 2025, na kuingizwa ni tarehe 31 Desemba. Programu inayokopa mwaka kutoka tarehe ya thamani itauandika mstari huu kuwa wa tarehe 31 Desemba 2025, karibu mwaka mzima mbele, na hakuna dirisha la siku litakaloufikia. Chagua mwaka unaoziweka tarehe hizo mbili karibu zaidi.

Karani_wa_Usiku

Nimekuwa nikikopa mwaka. Hilo linaeleza mistari minne ya mwanzo wa mwaka ambayo nililazimika kuiunganisha kwa mkono.

(Siku sita baadaye.)

Ninarudi na matokeo. Nilirudisha nakala ya hifadhidata kama ilivyokuwa siku 30 zilizopita, nikapitisha kila usiku upya kwa masharti ya njia ya malipo na upekee wa pande mbili, na kwa mistari yenye pengo kusubiri siku 2 za kazi. Kati ya mistari 412, mistari 371 iliungana yenyewe na 41 ikabaki kwa ajili ya karani. Programu ya zamani ilikuwa imeacha 9 tu, na hapo awali nilijivunia tarakimu hiyo. Nilipolinganisha jozi za zamani na mpya, nilikuta 6 zimebadilika, nasi tulizipitia moja moja kwa stakabadhi: 5 za zamani zilikuwa za uongo, na 1 mpya ndiyo iliyokosea. Hiyo iliyokosea ni kisa kilekile alichokitaja Mzee Mizani, cha rekodi iliyochelewa. Karani aliiandika siku ya tatu, na muda wa kusubiri ulikuwa umekwisha.

Katika ile 41, zaidi ya nusu ni malipo ya nje yanayofanana kiasi, ambayo agizo la gharama halikuandikwa. Nimeongeza sehemu ya agizo katika fomu ya kurekodi, lakini makarani wanasema wateja wengi hutuma picha ya nusu ya nakala.

Bi_Stakabadhi

Kwangu ripoti tano za kwanza zimekubaliana na benki senti kwa senti. Ya sita ina pengo la 1,900, na ndani yake kuna rejesho la mteja ambaye sisi hatukuwa na habari kwamba alirudishiwa fedha.

Nukta

Karani, zile jozi 5 za uongo zilikuwa na makato yaliyokwisha kuandikwa katika mwezi uliofungwa? Kama ndivyo, umezirekebisha kwa kurudi nyuma au kwa kuandika ingizo la kinyume katika mwezi wa sasa?

Karani_wa_Usiku

Tatu ziko katika mwezi uliofungwa. Jumla ya makato haibadiliki, ni mteja tu anayebadilika, kwa hiyo mhasibu wetu anataka ingizo la kinyume kwa tarehe ya leo. Mkaguzi anataka tuone kwanza ni barua ngapi za madai zilizotoka. Bado wanazungumza.

Mizani

Mkaguzi wako ana haki. Anza na barua.